Nimepata 71 kwenye sapu, mfumo umeandika C. Nani aliamua hivi na kwa nini?

#1 Binti_Rau

Habari zenu wakubwa. Niko mwaka wa tatu hapa Moshi, nasomea uhasibu, chuo sitakitaja. Matokeo ya mwaka wa pili yalipotoka nilikuta D kwenye Takwimu. Kosiweki, yaani kazi na majaribio ya semista, nilikuwa na 25 kati ya 40, mtihani wa mwisho nikapata 14 kati ya 60. Jumla 39. Kufaulu ni 40, nimekosa kwa alama moja.

Septemba nikarudi kupiga sapu, mtihani wa marudio wa walioanguka. Hosteli zimefungwa, nikalala kwa shangazi Rau, nikasoma wiki tatu kama mwendawazimu. Karatasi ya matokeo ilipobandikwa idarani niliiona kwa macho yangu: namba yangu ya usajili na mbele yake 71. Nikampigia mama nikamwambia nimepata A. Leo nafungua mfumo, Takwimu imeandikwa C.

Naomba mtu anayejua anieleze. Hiyo 71 nimeifanyia kazi mwenyewe, imekwenda wapi?

#2 Mbauda_Kwetu

Pole dada. Sapu ni C hata ukipata 100. Ndivyo ilivyo vyuo vyote.

#3 Kaka_wa_Njiro

Pole sana, najua hayo maumivu. Mimi nilimaliza Arusha miaka kadhaa iliyopita, shahada ya miaka mitatu, krediti 360. Nilikuwa na sapu moja tu maisha yangu yote ya chuo, kozi ya krediti 12. Nilipata 66 nikaandikiwa C.

Siku ya kukokotoa GPA ya mwisho nilikaa na daftari. Kila kozi unazidisha krediti zake kwa pointi ya daraja lake, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Jumla yangu ilikuwa pointi 1,572. Gawanya kwa 360 unapata 4.36. Daraja la kwanza linaanzia 4.4. Kama ile 66 ingehesabiwa B+ ningeongeza pointi 24, nifike 1,596, ambayo ni 4.43.

Kwa hiyo cheti changu kinasema daraja la pili la juu kwa sababu ya asubuhi moja. Nimekubali, ila sijawahi kuelewa.

#4 Sakina_Juu

#3 mkuu, 1,572 gawanya kwa 360 ni 4.366. Ukikadiria kwa desimali moja ni 4.4. Ulikuwa na daraja la kwanza, wamekudhulumu!

#5 Kaka_wa_Njiro

#4 nilikwenda kuuliza hilo hilo. Nikaambiwa GPA haikadiriwi, inakatwa. Unachukua desimali ya kwanza, zinazofuata zinatupwa. Hata ukiwa na 4.399 wewe ni 4.3.

#6 Mzee_Kiborloni

Habari za jioni vijana. Mimi naona mnalalamika bure. Mwanangu alirudia kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, Hisabati alikuwa na F akapata C, na cheti kimeandikwa hiyo hiyo C aliyoipata, hakuna aliyempunguzia. Mtoto akikaza anapata anachostahili. Binti nenda Baraza la Mitihani watakusaidia.

#7 Pasua_Moja

Shikamoo mzee. Hapa tunaongelea chuo kikuu, Baraza la Mitihani halihusiki na sapu. Chuo kina Seneti yake na kanuni zake za mitihani. Ila umegusa jambo la maana: kidato cha nne ukirudia unapewa daraja ulilolipata. Kwa nini chuoni iwe tofauti? Hilo ndilo swali la #1 hasa.

#8 Mwalimu_Shanti

Nimefundisha chuo kikuu kwa muda mrefu na niliwahi kuwa mratibu wa mitihani wa idara, kwa hiyo nitaeleza nilivyoona kikaoni.

Binti, tuanze na hiyo 71. Mwezi wa saba matokeo yako yalikuwa na sehemu mbili, kosiweki 40 na mtihani 60. Kwenye sapu, kwa kanuni za chuo nilikofundisha, kosiweki inawekwa kando na karatasi inasahihishwa kwa 100. Hiyo 71 ni karatasi peke yake. Wenzako wenye A walipimwa kwa majaribio mawili, kazi ya kikundi na mtihani, semista nzima. Wewe umepimwa kwa saa tatu. Sapu inajibu swali moja tu: je, mtu huyu sasa amefikia kiwango cha kufaulu kozi hii? Jibu ni ndiyo au hapana. Ndiyo inaandikwa C, kwa sababu C ndiyo daraja la chini la kufaulu.

Sababu ya pili ndiyo iliyokuwa ikitajwa zaidi kikaoni. Chukua wanafunzi wawili. Mmoja amepata 41, mwingine 39. Wa 41 amefaulu, ana C, haruhusiwi kurudia. Wa 39 ameanguka, anapewa miezi miwili ya kusoma kozi moja tu, anarudi anapata 71. Ukimpa A, basi kuanguka kumemlipa kuliko kufaulu. Mwaka unaofuata utaona watu wanaacha maswali makusudi waanguke waje wapande Septemba.

#9 Mbauda_Kwetu

Mwalimu mbona chuoni kwetu sapu ilikuwa rahisi kuliko mtihani wenyewe? Wengi walisema hiyo ndiyo sababu ya C.

#10 Mwalimu_Shanti

#9 idarani kwangu karatasi zote mbili zilitungwa wakati mmoja, zikapitiwa pamoja, ya pili ikafungiwa kwenye kabati mpaka Septemba. Ugumu ulilingana. Kinachobadilika ni mtu. Mwezi wa saba una mitihani sita ndani ya wiki mbili, Septemba una mmoja.

Na kwenye #2 ulisema vyuo vyote. Hapana. Kila chuo kina kanuni zake. Wengi wanaweka ukomo, lakini namna ya kuuweka inatofautiana.

#11 Ngaramtoni_Boy

Kweli. Chuoni kwangu kosiweki inabaki. Sapu inasahihishwa kwa 60 na kujumlishwa na kosiweki ya zamani, halafu ukifika 40 unaandikiwa C. Kwa mahesabu hayo binti angekuwa na 25 jumlisha 42.6, yaani 67.6.

Inaonekana nzuri, lakini inaua wengine. Rafiki yangu aliingia sapu na kosiweki ya 9 kati ya 40. Alihitaji 31 kati ya 60 ili afaulu tu. Akapata 29, jumla 38. Kwa mfumo wa mwalimu hapo juu, 29 kati ya 60 ni kama 48 kwa 100, angefaulu.

#12 Binti_Rau

Asanteni, mwalimu nimekuelewa kidogo. Lakini mimi sikuanguka makusudi. Siku ya Takwimu nilikuwa naumwa. Usiku wa kuamkia mtihani nilikuwa na homa na kutapika, nikaingia chumba cha mtihani hivyo hivyo kwa sababu niliogopa kuandikiwa sijafanya. Swali la kwanza nimelifanya lote, la pili nusu, mengine sikumbuki hata niliandika nini. Nilipotoka nikapelekwa zahanati, malaria. Karatasi ya zahanati ninayo. Mtu kama mimi naye awekwe kapu moja na anayeacha maswali makusudi?

#13 Himo_Stendi

Duh, hapo ndipo ulipoharibu dada yangu. Ungeomba speshali.

#14 Mwalimu_Shanti

Ndiyo. Hili ndilo wanafunzi wengi wanalikosa, kwa hiyo mniwie radhi nitaandika kwa urefu.

Sapu na speshali hufanywa siku zile zile, ukumbi ule ule, mara nyingi karatasi ile ile. Anayepita mlangoni hawezi kuwatofautisha. Lakini wa sapu ni mtu aliyefanya mtihani akaanguka. Wa speshali ni mtu ambaye hakufanya mtihani, kwa sababu ambayo chuo kiliikubali: ugonjwa, msiba wa mtu wa karibu, kujifungua. Kwa wa speshali huo ndio mtihani wake wa kwanza. Kosiweki yake inahesabiwa, na daraja lake ni lile alilopata. Akipata A anaandikiwa A.

Binti ukiwa na 25 ya kosiweki, na ile 71 ikiwa ni ya speshali, ungekuwa na 67.6 na B+ safi.

Utaratibu nilioujua mimi: barua au fomu ya kuahirisha inaingia kwa mkuu wa idara kabla ya mtihani kuanza, ikiwa na uthibitisho wa daktari, na mara nyingi lazima upite zahanati ya chuo hata kama ulitibiwa kwingine. Ukizidiwa usiku, mtu akupelekee taarifa asubuhi, karatasi zifuate haraka. Ukishaingia ukumbini ukasaini daftari la mahudhurio na kukabidhi kijitabu, chuo kinahesabu kwamba ulijiona mzima. Kuanzia hapo karatasi ya zahanati ni ngumu sana kukusaidia.

Na kukosa mtihani bila taarifa ni kubaya zaidi. Kuna vyuo hapo huna hata sapu.

#15 Pasua_Moja

Mwalimu, kwa heshima, huo ndio udhalimu wenyewe. Mtoto wa miaka 21, homa kali, usiku wa manane, ndiye ajue kwamba kanuni zinamtaka alale asiingie? Fomu yenyewe mimi nimeiona mara ya kwanza nikiwa mwaka wa tatu. Kitabu cha kanuni tunapewa wiki ya kwanza pamoja na ratiba za michezo, hakuna anayekisoma.

#16 Mwanga_Juu

Naomba kuongea maana nimetajwa bila kutajwa. Mimi ndiye wa 41. Kwangu ilikuwa 43, Uchumi, mwaka wa kwanza. Nyumbani Mwanga baba alikuwa amelazwa, kila Ijumaa nilipanda basi kwenda kumuuguza na kurudi Jumapili usiku. Nilifaulu kwa 43, C. Nikaenda kwa mkuu wa idara nikaomba nirudie Septemba, nilikuwa na uhakika wa 60. Akaniambia aliyefaulu harudii.

Binti pole kwa malaria, inatoka moyoni. Lakini mimi na wewe tuna C moja. Wewe ulipata nafasi ya pili, mimi sikuipata. Wakikupa A, mimi nitakwenda kudai wapi?

#17 Sakina_Juu

#16 umenifunga mdomo.

#18 Daktari_Mtarajiwa

Nyie wa 40 mna bahati. Sisi wa udaktari alama ya kufaulu ni 50, na ukianguka sapu mazungumzo ni kurudia mwaka, hakuna kubeba somo kwenda mbele. Septemba ya kwetu watu hawali.

#19 Himo_Stendi

Swali la pembeni: mtu ana masomo manne chini ya 40, anapewa sapu zote nne?

#20 Mbauda_Kwetu

Ndiyo, kila uliloanguka unapewa sapu. Ni haki yako.

#21 Mwalimu_Shanti

#20 hapana, na hili limewaponza wengi. Kwanza wanaangalia GPA ya mwaka mzima kwenye mitihani ya awamu ya kwanza, kabla ya sapu yoyote. Nilikofundisha mpaka ulikuwa 1.8. Ukiwa juu ya hapo unafanya sapu zako zote, hata kama ni nne. Ukiwa chini, umedisko, yaani umeondolewa chuoni, sapu hupewi hata ya somo moja.

#19, mfano masomo kumi yenye krediti 12 kila moja. Manne ameanguka, mawili ana D ambayo ni pointi 1 na mawili E ambayo ni 0. Sita yaliyobaki ana C zote, pointi 2. Jumla ni 14 kwa masomo kumi, GPA 1.4. Huyo amekwenda. Lakini kama yale sita ana B zote, jumla ni 20, GPA 2.0, anafanya sapu nne. Wote wawili wameanguka masomo manne, kinachowatenganisha ni yale waliyofaulu.

#22 Himo_Stendi

Mwalimu nimekokotoa ya kwangu hapa, nina 1.9. Acha nikalale.

#23 Ngaramtoni_Boy

#22 usilale, soma!

#24 Namanga_Mpakani

Binamu yangu alisoma Nairobi, kule nako sapu ni 40 tu, na kwenye matokeo wanaweka kinyota kuonyesha ni sapu. Mwingine alisoma Kampala, yeye alirudia kozi nzima na darasa lililofuata, vipindi, majaribio na mtihani. Mimi naona ya Kampala ina haki zaidi. Kama mtu amerudia kila kitu, mpeni alichopata.

#25 Kaka_wa_Njiro

#24 hapo ndipo nakubaliana. Nipe C kama nimefanya karatasi moja. Lakini niliyekaa darasani semista nzima tena, nikafanya majaribio yote tena, unaninyima nini? Hapa kwetu wapo waliokeri somo, wakalisoma upya lote, bado wakaandikiwa C. Hoja ya mwalimu ya saa tatu haiwagusi hao.

#26 Mwalimu_Shanti

#25 haiwagusi, ni kweli. Inabaki hoja ya 41 na 39, na kwa huyo aliyekeri naiona dhaifu, maana amelipa kwa muda wake. Kikaoni niliwahi kulisema hilo, halikupita.

#27 Mzee_Kiborloni

Nimesoma yote, sasa nimeelewa mnaongea nini. Binti, ile alama moja iliyopungua Julai, kwa nini hukukata rufaa wasahihishe upya? Ungepata 40 usingefanya sapu kabisa.

#28 Pasua_Moja

Mzee hiyo ni hoja nzuri, ila angalia: rufaa ikimpa 40, ni C. Sapu imempa C. Angeokoa nauli na wiki tatu za Rau, daraja ni lile lile.

#29 Binti_Rau

Nimekokotoa kwa njia ya #3. Mwaka wa pili nilikuwa na pointi 420 kwa krediti 120, GPA 3.5, hapo Takwimu ikiwa D. Sasa kwa C ni 432, yaani 3.6. Ingekuwa A ingekuwa 468, yaani 3.9. Mwaka umeumia 0.3. Kwenye shahada nzima ya krediti 360 ni 0.1. Nilidhani ni kubwa zaidi.

#30 Kaka_wa_Njiro

#29 hiyo 0.1 usiidharau. Yangu haikufika hata 0.07.

#31 Mwanga_Juu

Dada, malipo ya mkopo yamekufikia? Mwaka jana mwenzangu wa chumba aliyekuwa na sapu jina lake lilichelewa mpaka Desemba, matokeo yake yalipelekwa Bodi nyuma ya wenzake. Tulikula ugali wa kuchanga.

#32 Binti_Rau

#31 bado. Ndiyo kwanza nasikia, asante kaka, kesho nitauliza.

#33 Binti_Rau

Nimerudi. Leo nilikwenda na karatasi ya zahanati. Katibu wa idara akaisoma, akaiweka juu ya ratiba ya mitihani, akaweka kidole kwenye tarehe. Mtihani ulianza saa tatu asubuhi, karatasi imegongwa muhuri siku hiyo hiyo saa saba na nusu mchana. Akaniambia, "Mwanangu, saa nne na nusu ndizo zinazokusumbua." Akaniuliza kama kuna mtu nilimwambia asubuhi kabla sijaingia. Nilimwambia msimamizi mlangoni kwamba naumwa, akanipa kiti karibu na dirisha.

Ameniambia niandike hilo kwenye barua, na kama msimamizi aliliandika kwenye ripoti ya chumba litaonekana. Barua itasubiri kikao.

#34 Mwalimu_Shanti

Ripoti ya chumba ya siku hiyo ipo, hazitupwi. Taja kwenye barua namba ya ukumbi na saa uliyoongea naye. Matumaini ni madogo, lakini hiyo ndiyo karatasi pekee iliyoandikwa kabla hujaanguka.

#35 Pasua_Moja

Na kama hakuandika?

#36 Mwanga_Juu

Binti nimekutumia ujumbe. Msimamizi wa chumba hicho namfahamu, alitufundisha mwaka wa kwanza. Kesho saa nne yupo ofisini, twende wote.